Viti Vinalipa Kodi: Historia Fupi ya Daftari la Matatu

Serikali ya Kenya hutoza matatu kodi kwa kuhesabu viti. Haihesabu abiria waliopanda, wala nauli iliyoingia mfukoni mwa makanga, wala mafuta yaliyochomeka pale Globu msongamano ukikaza. Ukiwa na nissan ya viti 14, kodi ya mapema inakuja kwa viti 14, iwe gari ilibeba watu mwezi mzima au ilikaa kwa fundi wiki tatu ikingoja injekta.

Nimekuwa nikiandika vitabu vya nissan tatu za mama yangu kwa miaka kadhaa, na swali hili limenifuata muda wote: kwa nini viti? Mwenye duka hatozwi kwa idadi ya rafu. Kinyozi hatozwi kwa viti vyake. Jibu nimelipata kwa kurudi nyuma, kwenye historia ya karatasi ambayo matatu haikuwahi kuitoa.

Kabla ya matatu kulikuwa na basi. Kampuni ya Kenya Bus Service ilianza kazi Nairobi mwaka wa 1934, na mwaka wa 1966 ikapewa na jiji haki ya kubeba abiria peke yake. Ndani ya basi, kondakta alikukatia tiketi. Sisi tunaona tiketi kama kikaratasi cha kutupa, lakini kwa mhasibu tiketi ndiyo mzizi wa kila kitu. Ina nambari. Kondakta akianza zamu na kitabu kinachoanzia 4001 na kumaliza na 4320, ofisi inajua ameuza 319, na pesa anazokabidhi lazima zikubaliane na hizo tiketi. Inspekta akipanda katikati ya safari na kukuta mtu hana tiketi, wizi umeonekana hapo hapo.

Matatu ilizaliwa nje ya mfumo huo. Jina lenyewe, kama wengi wanavyojua, linatokana na nauli: senti kumi tatu. Zilikuwa gari za kubahatisha, zisizo na leseni, zikikimbizana na polisi kwenye njia za Eastlands na za mashambani. Gari isiyotakiwa kuwepo haiwezi kukata tiketi, maana tiketi ni ushahidi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kuziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu za uchukuzi. Biashara ikawa halali kwa siku moja, lakini desturi ya kutokuwa na karatasi ikabaki vilevile.

Hapo ndipo lilipokua neno ambalo kila mwenye gari analijua: hesabu. Mwenye gari hawezi kukaa ndani ya gari kutwa nzima, na hana tiketi wala inspekta. Kwa hivyo anamwambia dere: jioni niletee kiasi fulani. Mafuta ni juu yako, makanga ni juu yako, kinachozidi ni chako. Kwa mwenye gari asiye na njia yoyote ya kujua abiria wangapi walipanda, huu ni mpango wa akili. Hatari ya siku mbaya inamwangukia dere, na faida ya siku nzuri inamwendea dere. Ndiyo maana dere hukimbia. Kila kiti kinachojazwa baada ya hesabu kutimia ni chake.

Babu yangu alikuwa na gari moja miaka ya themanini na aliandika daftari. Nimelisoma. Kila ukurasa una safu mbili: tarehe, na pesa iliyoletwa. Siku nyingine imeandikwa "haikutoka". Mara moja moja kuna neno "tairi" au "klachi" na kiasi. Mafuta hayamo hata mara moja, na mshahara haumo, maana vyote vilikwisha kulipwa kabla pesa haijamfikia. Ukilisoma daftari lile utadhani gari ilikuwa ikitembea kwa upepo, na dereva akifanya kazi ya kujitolea.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtoza kodi. Sheria ya mwaka wa 1984 ilirudisha matatu chini ya leseni na ukaguzi, kwa hivyo serikali ilijua gari ziko wapi na zina viti vingapi. Kitu kilichokosekana ni mapato. Ukimwendea mzee na kumuuliza amepata ngapi, atakuonyesha ile safu mbili, na huna tiketi ya kumpinga nayo. Katikati ya miaka ya tisini kodi ya mapema ikaingia kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 12A. Kwa muda mrefu kiwango cha gari za abiria kilikuwa shilingi 60 kwa kila kiti kwa mwezi. Viti 14 mara 60 mara miezi 12 ni shilingi 10,080 kwa mwaka, na huwezi kupata karatasi za gari bila kulipa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kiwango hadi shilingi 100, na nissan ileile ikawa inadaiwa 16,800. Mimi nasoma kodi hii kama ungamo la serikali: nauli zako zimenishinda, nitahesabu kile ambacho huwezi kuficha.

Wenye gari wengi wakaichukua kuwa ndiyo kodi yote. "Si nimeshalipa ya viti?" Hapa ndipo watu huumia. Kodi ya mapema ni malipo ya kutangulia, jinsi jina linavyosema. Mwisho wa mwaka bado unatakiwa kupeleka hesabu kamili ya mapato kwenye iTax, na kile ulicholipa kwa viti kinatolewa kwenye deni lako. Anayefikiri ya viti inamaliza hukaa miaka mitano akijaza sufuri, halafu anashtuka siku anayopata barua.

Serikali imejaribu mara kadhaa kuingia ndani ya gari. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, tunazikumbuka kwa mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano. Tunasahau kwamba pia zilitaka dere na makanga waajiriwe kwa kudumu na kulipwa mshahara wa mwezi. Kuanzia mwishoni mwa 2010 wenye gari walisukumwa wajiunge na sako au kampuni, na kanuni za 2014 zikarudia sharti la mikataba ya kazi. Mwaka huohuo wa 2014 kadi za kulipia nauli zilitakiwa kuchukua nafasi ya pesa taslimu. Kadi zilikufa, na si ajabu. Kadi ingemwonyesha mwenye gari nauli yote, na papo hapo ingeua mpango wa hesabu ambao ulikuwa unamlisha dere, makanga, na wale wa steji. Baadaye abiria wenyewe wakahamia M-Pesa, lakini mara nyingi nambari inayolipiwa ni ya makanga.

Kwa hivyo nusu karne ikapita na daftari likabaki na safu mbili. Lililobadilisha mambo ni karatasi ya mtu mwingine kabisa: risiti ya kituo cha mafuta.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, sheria inasema gharama ya biashara haikubaliki kupunguza kodi kama haina ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Mishahara haimo kwenye sharti hilo, na kuna vighairi vingine vichache, lakini mafuta na spea vimo. Na matatu ni biashara ambayo karibu nusu ya nauli inaweza kuishia kwenye tangi. Acha niipige hesabu hii kwa tarakimu za mviringo, nilizochagua ili zisomeke kwa urahisi.

Nissan moja inaingiza nauli ya shilingi 10,000 kwa siku. Mafuta ni 4,500. Dere anachukua 1,200 na makanga 800. Steji na sako ni 500. Jioni mwenye gari anapata hesabu ya 3,000. Gari inafanya kazi siku 25 kwa mwezi, yaani 300 kwa mwaka, na ziko tatu.

Daftari la babu lingeandika 3,000 mara 300 mara tatu, yaani 2,700,000. Lakini kama dere ni mfanyakazi wako, na kanuni zinasema ni mfanyakazi wako, basi nauli aliyoikusanya ni yako tangu abiria alipoitoa. Mapato ya biashara ni 9,000,000. Ukishaandika hivyo, lazima uandike na yaliyotoka: mafuta 4,050,000, dere na makanga 1,800,000, steji na sako 450,000. Ongeza matengenezo ya shilingi 20,000 kwa kila gari kwa mwezi, ambayo ni 720,000, na bima ya 270,000. Zote pamoja ni 7,290,000. Zinabaki 1,710,000. (Nimeacha nje michango ya mwajiri ili mfano usiwe mzito.)

Halafu kuna kitu ambacho babu hakukiandika kamwe: uchakavu. Gari inazeeka, na sheria inakuruhusu kukata asilimia 25 ya bei yake kila mwaka, kwa mafungu sawa, mpaka iishe. Kama kila nissan ilinunuliwa kwa 1,600,000, mwaka wa kwanza unakata 400,000 kwa kila moja, jumla 1,200,000. Mapato ya kutozwa kodi yanashuka hadi 510,000. Kwa viwango vya mtu binafsi, kodi yake ni 90,400. Ondoa nafuu ya binafsi ya 28,800, zinabaki 61,600. Ondoa kodi ya viti uliyolipa tayari, 16,800 mara tatu, ambayo ni 50,400. Unadaiwa 11,200. Basi. Hiyo ni hesabu ya gari moja kwa siku nne.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Dere alinunua nusu ya mafuta bila risiti ya eTIMS yenye PIN yako. Gari zilitembea vilevile, pesa zilitoka vilevile, lakini kwa kodi 2,025,000 hazikuwahi kutumika. Zinarudi kwenye faida yako na kutozwa asilimia 30. Deni linaongezeka kwa 607,500. Gari zote tatu zinaleta 9,000 kwa siku, kwa hivyo unafanya kazi siku 67 na nusu kulipia karatasi ambazo zilitupwa kwenye sakafu ya kituo cha mafuta.

Wako watakaosema: si kuna kodi ya mauzo? Ipo. Mwenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka anaweza kulipa asilimia 3 ya mauzo kila mwezi bila kukata gharama yoyote, na huko ndiko anakowekwa asipomwandikia Kamishna kuomba kodi ya kawaida. Kwa mfano wetu asilimia 3 ya 9,000,000 ni 270,000. Ni mara nne na zaidi ya ile 61,600 ya mwenye risiti zote, lakini ni chini ya nusu ya deni la yule aliyepoteza nusu ya risiti. Kwa maneno mengine, uamuzi wa kodi ipi inakufaa unategemea jinsi unavyoshika karatasi. Kumbuka pia uchakavu wa gari huisha baada ya miaka minne, kwa hivyo piga hesabu upya kila Desemba. Na usitafute kurudishiwa VAT ya spea: nauli ya abiria imesamehewa VAT, na asiyetoza VAT hairudishiwi.

Basi daftari letu sisi limekuwa na kurasa tatu kwa kila gari. La kwanza ni mafuta. Tunaandika tarehe, kilomita kwenye dashibodi, lita, shilingi, nambari ya risiti, na dere wa siku hiyo. Sharti ni moja: tangi lijazwe hadi juu kila mara, kituo kilekile ikiwezekana. Ukiweka ya elfu moja asubuhi na ya elfu mbili mchana huwezi kujua kilichochomeka ni kipi. Ukijaza leo na kujaza kesho, lita za kesho ndizo zilizotumika tangu leo. Gari ikienda kilomita 208 na kuingiza lita 26, ni kilomita 8 kwa lita.

Ukurasa huo unaongea. Gari moja ya mama ilishuka kutoka 8 hadi 6.5. Dere alisema ni jam. Jam hupunguza, ndiyo, lakini ingezigusa gari zote tatu, maana ziko njia moja. Kushuka kwa ghafla siku za dere fulani na kupanda akipumzika ni dalili ya mafuta kutolewa kwenye tangi, au ya gari kupewa skwodi apige safari ambazo hazijaandikwa. Kushuka polepole kwa wiki kadhaa, bila kujali nani anaendesha, na moshi mweusi ukitoka nyuma gari ikipanda mlima, huo ni ugonjwa wa injini. Yetu ilishuka polepole. Fundi alikuta filta ya hewa imeziba na injekta mbili zinavuja. Bila ile safu ya kilomita, dere angeshukiwa wizi na kufukuzwa kazi bure.

Ukurasa wa pili ni watu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo hadi siku zake zifike mwezi, anahesabika kuwa wa mwezi. Kwa hivyo maneno "hawa ni wa siku tu" hayana uzito. Dere wa 1,200 kwa siku 25 anapata 30,000, na PAYE huanza juu ya 24,000. Makanga wa 20,000 hajafika hapo, lakini wote wawili wana NSSF, bima ya afya ya asilimia 2.75, na ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ambayo mwajiri naye hulipa asilimia 1.5 yake. Tunaandika kila siku aliyefanya kazi na alichopokea, naye anaweka sahihi. Makanga wetu mmoja alikataa mwanzoni. "Nikiweka sahihi mtanikata," aliniambia. Kweli alikatwa. Lakini miezi iliyofuata alikuja kuomba nakala ya kurasa zile apeleke kwa sako, alitaka mkopo wa pikipiki na hakuwa na karatasi nyingine yoyote ya kuonyesha kwamba ana kazi.

Kuna pesa moja isiyoingia ukurasa wowote. Kila dere anaijua, hutolewa dirishani barabarani, na inakatwa kwenye nauli kabla ya hesabu. Kodi haiitambui, maana rushwa si gharama ya biashara. Wengine huificha ndani ya "mafuta". Ukifanya hivyo unaharibu vitu viwili: unadai gharama ya uongo, na ule uwiano wa kilomita kwa lita uliokuwa unakulinda haukuambii chochote tena.

Ukurasa wa tatu ni matengenezo. Hapa kilomita ni muhimu kuliko tarehe. Pedi za breki zilizobadilishwa Machi na tena Aprili hazina maana mpaka ujue gari ilienda umbali gani katikati. Zikiisha haraka upande mmoja tu, kuna kitu kinashikilia gurudumu hilo, na kununua pedi nyingine ni kutupa pesa. Tunadai spea ya zamani irudishwe nyumbani, ndiyo njia ya pekee ya kujua kwamba mpya iliwekwa. Risiti ya duka la spea la Kirinyaga Road ni rahisi kupata. Ya fundi wa juakali ni shida, ila siku hizi kwa fundi ambaye mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka sheria inamruhusu mnunuzi atengeneze ile ankara ya eTIMS mwenyewe. Omba PIN yake kabla hujamlipa, maana baada ya kulipwa hashiki simu.

Na si kila pesa inayoingia garini ni matengenezo. Kubadilisha shokapu ni matengenezo, unaikata yote mwaka huo. Kugeuza nissan kuwa nganya, kwa spika mpya, runinga na taa za rangi, ni kuongeza mali. Hiyo inaingia kwenye uchakavu na kukatwa kidogo kidogo. Vivyo hivyo mkopo wa gari: riba ni gharama, lakini mtaji unaorejesha si gharama, hata kama ndio unaokumaliza kila mwezi.

Sheria ya Taratibu za Kodi inataka kumbukumbu hizi zihifadhiwe miaka mitano, na inataka ziwe katika moja ya lugha rasmi. Lugha rasmi za Kenya ni mbili. Kurasa zetu zimeandikwa Kiswahili: mafuta, mshahara, spea, steji, na gari isipotoka tunaandika "haikutoka", kwa neno lilelile la babu, ila siku hizi kando yake kuna safu ya sababu.